Jedwali la vipimo: uandike 0.0000386, 3.86E-05 au 38.6E-6?

Simu iliingia asubuhi, ukungu wa Mbeya bado umekaa juu ya mabati pale Mwanjelwa, hata chai sijaigusa. Alikuwa mzee mmoja anayesimamia shamba la parachichi kule upande wa Tukuyu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, sasa ile kapasita mliyonitajia nimeshafunga, mbona pampu inaunguruma tu haizunguki, halafu breka inaruka?"

Nikamuuliza amefunga ya ngapi. "Ya nne. Kijana wako si ndiye alinisomea kwenye simu, mikro nne."

Pampu yake ni ya feizi moja, 1.5 kW, ina kapasita moja tu ya kudumu ambayo inatakiwa kuwa 40 µF. Nne ni kapasita ya feni ya dari. Mota ya namna ile ukiipa moja ya kumi ya kapasita yake, koili ya kuanzia haipati umeme wa kutosha kuisukuma, kwa hiyo inabaki inanguruma huku inavuta umeme mwingi mpaka breka inakata, na bahati yetu breka ilikata kabla koili haijaungua. Nikafungua faili la siku tulipoihudumia nikitegemea kukuta kijana kakosea kupima. Wapi. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, ila kwenye karatasi kilikuwa kimeandikwa `3.86E-05`, yeye akaona tatu nukta nane sita, akaona kidogo sana, akili ikamwambia mikro, akakaribisha ikawa nne. Ukweli ni mikro thelathini na nane nukta sita.

Tangu siku hiyo nimekuwa mbishi sana kwenye hii mada ya namna ya kuandika namba kwenye jedwali la vipimo, na kwa kuwa kuna vijana wengi siku hizi wanaandaa ripoti za mota na pampu kwenye Excel acha nizilinganishe hizi njia hapa, ujue ipi uichukue wapi.

Kwanza muone zilivyo zikikaa pamoja. Hivi ndivyo vipimo vya ile pampu siku ilipoletwa ikiwa imenyeshewa, kila kipimo kimeandikwa mara tatu:

| Kipimo | Namba wazi | Kisayansi | Kiinjinia |
|---|---|---|---|
| Volti ya laini, V | 228 | 2.28E+02 | 228E+0 |
| Koili kuu, Ω | 1.84 | 1.84E+00 | 1.84E+0 |
| Kapasita, F | 0.0000386 | 3.86E-05 | 38.6E-6 |
| Insulesheni, Ω | 850000 | 8.5E+05 | 0.85E+6 |
| Umeme unaovuja kwa 500 V, A | 0.00059 | 5.9E-04 | 0.59E-3 |

Hiyo E ni "mara kumi kwa kipeo", yaani 38.6E-6 ni 38.6 × 10⁻⁶.

Namba wazi naanza nayo maana ndiyo kila mtu anaijua, na sitaidharau. Kwenye volti na kwenye koili haina mpinzani, mtu mzima hawezi kuandika 228E+0 halafu akajisikia vizuri. Shida inaanza kwenye sifuri. Hebu mwambie mtu akusomee 0.0000386 kwenye simu akiwa amesimama sokoni Kabwe na bajaji zinapiga honi, akiruka sifuri moja tu umepata 386 µF, akiongeza moja umepata 3.86, na wewe unayesikiliza huna namna ya kujua kwamba kuna kitu kimeanguka njiani. Kwa hiyo mimi namba wazi naitumia pale tu kipimo chenyewe kinapoangukia kati ya sehemu ya kumi na elfu moja bila kulazimishwa, nje ya hapo naiacha.

Mtindo wa kisayansi kazi yake ni kuweka tarakimu moja tu kabla ya nukta, halafu kipeo kinakuwa chochote kile, -5, -4, 7, vyovyote. Kwenye hesabu ni mzuri jamani, tena sana, maana ukiangalia kipeo peke yake unajua papo hapo kipi kikubwa na kwa mara ngapi, na tarakimu zote zinazoonekana ndizo ulizopima, hakuna sifuri ya kujazia. Ndiyo maana vitabu vingi vinakuandikia kwamba ukinzani maalumu wa shaba ni 1.72 × 10⁻⁸ Ω·m na wala hawana shida.

Lakini mita yako haina kitufe cha kumi kwa kipeo hasi tano. Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo. Multimita, mita ya kapasita, kibandiko cha kwenye kapasita, fundi wa duka la spea, wote wanaongea kwa hatua za elfu: piko, nano, mikro, mili, halafu kizio chenyewe, halafu kilo, mega, giga. Vipeo vyake ni -12, -9, -6, -3, 0, 3, 6, 9, vyote vinagawanyika kwa tatu, na mtindo wa kiinjinia unatumia vipeo vya namna hiyo tu. Ukiandika E-05 umemwachia msomaji kazi ya kuhamisha nukta kichwani kabla hajajua ni mikro ngapi, na msomaji akiwa amechoka au ana haraka anahamisha nusu, anabadilisha kipeo anaacha tarakimu zilivyo. Hilo ndilo kosa la kijana wangu, aliona -5, mita haina -5, akaipeleka kwenye -6 iliyo jirani, na 3.86 akaiacha palepale.

Kanuni yenyewe fupi. Kama kipeo hakigawanyiki kwa tatu, shuka mpaka kile kinachogawanyika kilicho chini yake, na kila hatua unayoshuka sogeza nukta nafasi moja kulia. Kutoka -5 unashuka hatua moja kwenda -6, 3.86 inakuwa 38.6. Kutoka -4 unashuka hatua mbili kwenda -6, kwa hiyo 5.9 inakuwa 590. Kutoka 5 unashuka mbili kwenda 3, 8.5 inakuwa 850. Angalia hapo kwenye hasi, maana wengi wanateleza: chini ya -5 ni -6, siyo -3. Ukienda -3 unapata 0.0386E-3, thamani ni ileile, hujadanganya, ila umerudisha zile sifuri ulizokuwa unazikimbia.

Ukianza na namba wazi, yaani hujapitia kisayansi, kata tarakimu tatutatu kuanzia kwenye nukta: 0.000 038 6. Fungu la kwanza tupu, la pili lina 38, umevuka mafungu mawili, kipeo ni -6, basi 38.6E-6. Kwenye kikokotozi cha Casio kuna kitufe `ENG`, ukikibonyeza kinakufanyia hiyohiyo, ila usikibonyeze mara mbilimbili kama kengele ya mlango maana kila ukirudia kinashuka tatu zaidi na utakuta 38600 × 10⁻⁹, ambayo nayo ni kweli lakini hakuna aliyeomba.

Sasa wale mliosoma jedwali kwa makini mtakuwa mmeshanikamata. Nimesema 8.5E+05 inakuwa 850E+3, mbona kwenye jedwali nimeandika 0.85E+6? Na umeme unaovuja mbona 0.59E-3 badala ya 590E-6?

Hapa ndipo mtindo wa kiinjinia una udhaifu wake, na ni udhaifu wa kweli, siyo wa kutafutwa. Ile mashine ya kupimia insulesheni (sisi tunaiita mega tu, na ndiyo, unaweza kuimega mota ukapata mega, mzoee) ilionyesha 0.85 MΩ. Tarakimu mbili. Ukiandika 850E+3 umeongeza sifuri ambayo mita haikuipima, na anayesoma hawezi kujua kama ile sifuri ni kipimo au ni ya kujaza nafasi, anaweza kudhani umeona tofauti kati ya 850 na 851. Kisayansi hana shida hiyo, anaandika 8.5 anamaliza. Kwenye kiinjinia dawa ni kupanda mpaka kipeo cha juu kinachofuata, kutoka 3 kwenda 6, na kuanza na sifuri nukta, yaani 0.85E+6, na inakubalika, desturi ya zamani ya vizio ni kuchagua kiambishi kitakachoiweka namba kati ya 0.1 na 1000, kwa hiyo 0.85 imo ndani kabisa. Halafu 500 V ukigawanya kwa 0.85E+6 kikokotozi kinakupa 588.235 na kuendelea, mikro, lakini kipimo kilikuwa na tarakimu mbili tu, jibu nalo libaki na mbili: 0.59E-3.

Kwa hiyo kama kazi yako ni ya kujadili usahihi wa vipimo, mathalani unaandika ripoti ya maabara chuoni na mwalimu anahesabu tarakimu za maana, kisayansi kinamshinda kiinjinia na sitabishana. Kwenye karatasi ya karakana inayosomwa na mtu mwenye grisi mikononi, kiinjinia.

Turudi kwa ile 3.86E-05, maana nilitaka kujua nani aliiandika. Kijana ananiapia aliingiza `38.6E-6`. Tukakaa kwenye laptopu, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika 38.6E-6, nikabonyeza Enter. Excel ikageuza ikaonyesha 3.86E-05 palepale mbele ya macho yetu. Yaani ukiingiza namba yenye E na seli haijapewa mtindo wowote, yenyewe inaivalisha mtindo wake wa kisayansi, `0.00E+00`, bila kukuuliza. Thamani haijabadilika, sura ndiyo imebadilika, na sisi tulichapisha sura.

Dawa yake ni kuchagua seli kwanza, kwenda kwenye `Format Cells`, kisha `Custom`, na kuandika hivi:

```
##0.0E+0
```

Hizo alama tatu kabla ya nukta ndizo zinazoilazimisha itembee kwa tatutatu. Baada ya hapo 0.0000386 inaonekana 38.6E-6. Ila usifurahi sana, maana huo mtindo unahesabu tarakimu baada ya nukta, hauhesabu tarakimu za maana. Koili yako ya 1.84 itaonekana 1.8E+0, umepoteza tarakimu moja, na 850000 itaonekana 850.0E+3, umezawadiwa mbili ambazo hukuzipima. Ukiongeza sifuri ya pili, `##0.00E+0`, koili inarudi kuwa 1.84E+0 lakini kapasita inakuwa 38.60E-6. Hakuna mtindo mmoja utakaotosha safu nzima yenye vitu mchanganyiko. Mimi ninachofanya, na kuna watakaonicheka, ile safu ya kuchapisha naiweka kuwa `Text` halafu naandika kwa mkono kile mita ilichoonyesha, na kama kuna hesabu ya kupiga basi safu nyingine pembeni ina thamani kamili. Karatasi ya pampu moja ina mistari kumi, si mingi kiasi hicho.

Je, kwa nini tusiandike tu 38.6 µF yaishe? Swali zuri, na kwenye karatasi iliyochapwa vizuri ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, maana ni mtindo wa kiinjinia uleule, kipeo kimevaa herufi tu. Shida ni herufi zenyewe zikitoka kwenye karatasi. Kwenye simu µ haipatikani haraka kwa hiyo watu wanaandika u, wengine m, na m ni mili, umekosea mara elfu. M kubwa na m ndogo kwa mwandiko wa fundi ni kitu kimoja, na kati ya mega na mili kuna kumi kwa kipeo tisa. Halafu kapasita nyingi za mota zimeandikwa MFD, ambapo M hiyo ni mikro, ni uandishi wa zamani tu uliogoma kufa, nimeshaona mtu ameingiza 40E+6 kwa sababu ya hiyo M. Kwa hiyo sheria yangu: herufi kwenye karatasi, E-6 kwenye ujumbe wa simu na kwenye faili. Namba ya kipeo haibadiliki ukubwa ukiiandika vibaya.

Kuna sehemu moja mtindo wa kiinjinia ulinitia aibu na lazima niiseme, maana hapa ndipo uamuzi unabadilika kabisa. Ile pampu iliponyeshewa tuliikausha. Tukaifungua, tukaweka balbu ndani ya boksi la mabati, tukawa tunapima insulesheni kila baada ya muda. Nikamtumia mzee vipimo vyote vikiwa vimeandikwa kiinjinia, kila mstari na kipeo chake:

```
asubuhi          850E+3
baada ya saa 2   610E+3
baada ya saa 6   14.2E+6
kesho yake       1.12E+9
```

(Ndiyo, 850E+3, wakati huo nilikuwa sijawa mbishi.) Mzee akapiga. "Mwanangu, mbona inakufa? Mia nane, mia sita, kumi na nne, moja." Na ukiangalia kwa jicho lake ana haki, macho yanasoma tarakimu kabla ya kipeo, na tarakimu zinashuka. Wakati mota ilikuwa inapona vizuri tu. Ile ya kwanza kushuka ni kawaida, koili zikipata joto unyevu unaanza kutembea na insulesheni inapungua kidogo kabla haijapanda, baada ya hapo ilipanda mpaka ikafika zaidi ya mara elfu ya ilipoanzia.

Safu ikiwa ni ya kitu kimoja kinachofuatiliwa, usiache kila mstari ujichagulie kipeo. Chagua kimoja, kiweke juu kwenye kichwa cha safu, na chini yake ziwe namba tupu:

```
               R (MΩ)
asubuhi          0.85
baada ya saa 2   0.61
baada ya saa 6   14.2
kesho yake       1120
```

Hapo hata mtoto wa darasa la tatu anaona ilishuka kidogo ikapaa. Unalipa gharama ndogo, ile sifuri ya mwisho kwenye 1120 mita haikuipima, ilisema 1.12 GΩ, lakini kwenye kazi ya kukausha mota hakuna anayejali 1120 au 1123. Kama thamani zako ziko kwenye om kamili, labda zimetoka kwenye mita inayojirekodi yenyewe, Excel ina mtindo `0.00,,` ambao unaonyesha kwa mamilioni bila kugusa thamani, koma mbili ndizo zinazokata sifuri sita. Kwa upande wa mikro hakuna koma ya kurudi nyuma, hapo ingiza namba ikiwa tayari kwenye mikro na uandike µA kwenye kichwa.

Na kichwa chenyewe kiandike kwa akili. Usiandike "R × 10⁶ Ω", maana nusu ya watu wataelewa kwamba namba ya chini izidishwe kwa milioni, na nusu wataelewa kwamba umeshaizidisha wewe. Andika R (MΩ), hakuna wa kubishana nawe.

Kwa hiyo karatasi yetu ya pampu sasa ina majedwali mawili. La juu ni la vipimo mchanganyiko, kila mstari kitu chake, hilo ni kiinjinia na herufi za vizio. La chini ni la kukausha, safu moja kizio kimoja. Kisayansi kimebaki kwenye daftari langu la hesabu. Yule mzee alipata kapasita ya 40 siku hiyohiyo, tulimtumia ujumbe "40E-6 F, kwenye kibandiko itaandikwa 40 µF au 40 MFD", akaenda dukani akamwonyesha muuzaji simu. Ile ya nne alisema ataitafutia feni, ingawa kwa baridi ya Tukuyu sijui nani ana feni.